Nyama ya mishkaki: chumvi mapema au dakika za mwisho?

mkazi_tabata: Wakuu jana nimepaka chumvi nyama nikaiacha robo saa huku nawasha mkaa, nikakuta bakuli limejaa maji na jikoni imetoka kama ya kuchemsha. Chumvi inawekwa lini?

jiko_la_temeke: Hiyo robo saa ndo imekuponza. Chumvi ikigusa nyama inavuta maji, dakika chache tu unaona vitone juu kama jasho, sasa ukiipeleka jikoni hapo moto unahangaika kukausha maji kwanza, nyama haibabuki. Ukiivumilia, chumvi inayeyuka kwenye yale maji na taratibu yanarudi ndani yakiwa nayo, subiri dakika 40 au saa nzima. Mimi kilo moja natia vijiko viwili vya chai, chumvi laini, kijiko cha kusawazisha sio mlima. Pande kubwa nalaza kwenye friji usiku kucha bila kufunika, asubuhi uso mkavu, ukigusa hautelezi. Kama huna muda tia chumvi ndo unaweka jikoni.

Dada Mbezi: Chumvi inakausha nyama, kila mtu anajua, ng'onda anakaushwa na nini? Bibi yangu alikuwa anatia mwishoni kabisa. Ndo maana mishkaki ya huko Temeke ni kandambili.

jiko_la_temeke: Kandambili? Dada yangu miaka 11 nipo kwenye mkaa, wateja wanatoka Kigamboni kunifuata, njoo ule ndo uongee.

chalii_wa_sinza: Temeke mishkaki iko poa, shida pilipili yao maji matupu

mama_wawili: Mie kwangu ni tambi, natia chumvi maji yakiwa ya baridi ili yachemke haraka

jiko_la_temeke: Tambi umezileta wewe mama, ila chumvi haiharakishi maji kuchemka, inatiwa ili tambi zikolee zikiwa zinanyonya. Kijiko cha chai kimoja na nusu kwa lita. Narudi kwa Dada Mbezi. Ng'onda anapigwa chumvi nyingi halafu jua siku kadhaa, vijiko viwili kwa kilo ni kitu kingine kabisa, hapo nyama inashika maji yake hata ikiwa juu ya moto.

Dada Mbezi: Sawa kuhusu ng'onda. Ila bibi yangu hakukosea, nyama yake ilikuwa laini.

Bi Mkubwa wa Kariakoo: Wanangu, bibi huyo bila shaka alitia papai bichi. Ulaini wa papai, sio wa chumvi, na ukililaza usiku nyama inakuwa uji.

mkazi_tabata: Leo nimeacha saa moja na nusu, vimebaki vijimaji kidogo chini ya bakuli, nikafuta kila kipande kwa kitambaa safi. Imebabuka vizuri mpaka pembeni. Ila nilitia na ndimu tangu mwanzo na juu ikageuka nyeupe kabla ya moto, ndimu nayo mnaweka lini?

chalii_wa_sinza: Ndimu ni mezani mkuu

Bi Mkubwa wa Kariakoo: Mezani wapi, mishkaki bila ndimu ndani sio mishkaki!