Wakopti wahamishe Krismasi iwe 25 Desemba, au waiache ilipo?

Kibao_Kata: Hapa mtaani Nairobi nina majirani Wakopti, wale Wakristo wa kale wa Misri. Sisi tukila Krismasi wao wamefunga, sisi tukipeleka watoto shule wao ndo wanaanza sherehe, 7 Januari. Mwaka mpya wao ni Septemba na wana mwezi wa 13. Si wahamishe tu tuwe pamoja? Nauliza kwa nia njema jameni.

Dereva wa Usiku: Hii rahisi sana. Wana mwezi wa 13, ndo maana wamechelewa siku 13. Toa huo mwezi, kesi imeisha. Na mwaka wao uko nyuma yetu miaka saba hivi. Maorthodoksi wote wako hivyo hivyo, hata Warusi.

Njeri wa Riruta: Maorthodoksi WOTE nani? Mimi nimebatizwa Orthodoksi, babu yangu alibatizwa Orthodoksi, na Krismasi yetu ni 25 Desemba kama wewe. Sisi tuko chini ya Patriaki wa Kigiriki wa Aleksandria, Wakopti wana Papa wao, ni makanisa mawili tofauti na yamekuwa tofauti miaka elfu moja na mia tano. Hata Waukraine walihamia 25 Desemba mwaka 2023. Kila mwaka ni maswali haya haya kazini, "Njeri mbona hujaenda likizo Januari". Nimechoka.

Dereva wa Usiku: Dada pole, nilisikia redioni. Lakini ya siku 13 na mwezi wa 13 hiyo nina uhakika.

Mzee Tumbaku: Uhakika umeutoa wapi bwana mdogo? Mimi nimekaa Kairo miaka tisa, nimefanya kazi na Wakopti na nimekula nao. Mwezi wa 13 na siku 13 havijuani kabisa, ni namba tu zimegongana. Miezi yao 12 yote ina siku 30 kamili, hakuna mambo ya 28 wala 31. 12 mara 30 unapata 360, zinabaki siku 5, hizo ndo wameziwekea kimwezi chao kidogo wanakiita Nasi, kila mwaka wa nne kinakuwa na siku 6. Kwa hiyo mwaka wao una siku 365 na robo, huo mwezi haumcheleweshi mtu hata dakika, bila huo ndo wangepotea. Wanachochelewa ni kitu kingine. Wao wamebaki na hesabu ya Julius Kaisari ambayo kila baada ya miaka minne inaongeza siku bila kuuliza. Papa Gregori mwaka 1582 akasema miaka ya mamia isiongezwe mpaka igawanyike kwa 400. Basi 1700, 1800 na 1900 sisi hatukuongeza, wao wakaongeza, na mwaka 1582 wenyewe tulisharuka siku 10. 10 na 3 ndo 13 yako hiyo. Na waliopungukiwa miaka saba ni Wahabeshi. Wakopti wanahesabu tangu Dioklesiani alipotawala, 284, yule aliyewaua Wakristo, kwa hiyo Septemba 2025 wameingia mwaka 1742.

Bi Kidude_Shamba: Ngoja ngoja, mwezi mdogo wa siku 5? Sisi Makunduchi tuna Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, na wazee wetu walikuwa wanahesabu mwaka wa jua kwa miongo, kumi kumi mpaka 36, halafu zinabaki siku tano. Na siku ya mwaka inaitwa nairuzi!! Huo mwaka mpya wao unaitwaje?

Mzee Tumbaku: Unaitwa Nayruz. Usianze.

Bi Kidude_Shamba: NIMEANZA. 😂 Basi walitoka kwetu au sisi kwao.

Kaka wa Feri: Tena huo mwezi mdogo kwa Kikopti wanauita Pi Kogi nimeona mahali. KOGI. Mwaka KOGWA. Watu wangu mnaona ninachokiona?

Bi Kidude_Shamba: Mwili umenisisimka.

Mwalimu_Chake: Usisimke. Kogwa ni kuoga, kukoga, watu wanaingia baharini kuoga mwaka, kila mtoto wa Unguja anajua. Kogi kwa Kikopti maana yake kidogo. Ukifuata mtindo huo mwezi wao wa pili unaitwa Baba, basi na huo ni wetu, tudai na mirathi. Nairuzi ndo hoja ya kweli, hilo ni neno la Waajemi, siku mpya, limefika kwetu na mabaharia na limefika Misri kwa njia yake. Wakopti wengine wanakataa, wanasema ni neno lao la mito, maana mto Nili hujaa wakati huo. Mimi naona la Waajemi.

Kaka wa Feri: Wewe unaona. Ulikuwepo?

Mwalimu_Chake: Na wewe kwenye Kogi ulikuwepo?

Kaka wa Feri: Pemba mnaona wivu kwa sababu Mwaka Kogwa ni Makunduchi.

Mwalimu_Chake: Sina haja ya kupigwa na kigomba kwenye Mwaka Kogwa ili nijue Kiswahili.

Mama Mina: Mnisamehe naingilia vita ya vigomba. Mimi ni Mkisii nimeolewa na Mkopti, haya mambo yako jikoni kwangu. Mtoto wangu alizaliwa 11 Septemba 2023. Nikampigia mama mkwe Asyut nikamwambia kwa furaha nimekuzalia mjukuu siku ya Nayruz! Kimya. Halafu akacheka mpaka simu ikakatika. Kumbe mwaka ule Nasi ilikuwa na siku 6, kwa hiyo 11 Septemba ilikuwa tarehe 6 Nasi na mwaka mpya ukaanza kesho yake tarehe 12. Mtoto wangu kazaliwa siku ambayo kwao inakuja mara moja kila miaka minne, inayofuata ni 2027. Shemeji zangu wanamwita mzee wa miaka minne minne. Kila kalenda ya simu inaniandikia Nayruz ni 11, basi nikaamini.

Dereva wa Usiku: Kwa hiyo Krismasi yao iliyofuata ikawa tarehe 8 Januari?

Mama Mina: Hapana, ilikuwa 7 kama kawaida, na hapo ndo mimi huwa napotea. Mwaka mpya unasogea, Krismasi haisogei.

Mzee Tumbaku: Swali zuri dereva, leo umeamka. Krismasi yao ni tarehe 29 ya mwezi Kiahk. Ukianza mwaka 11 Septemba, 29 Kiahk inaangukia 7 Januari. Ukianza 12 Septemba kama 2023, 29 Kiahk ilitakiwa iwe 8 Januari. Ila mwaka huo walisali tarehe 28 Kiahk. Sababu ni mimba. Malaika alimpasha habari Bikira tarehe 29 Baramhat, na kanisa linataka toka hapo mpaka kuzaliwa zipite siku 275. Nasi ikiwa na siku 5 unafika 29 Kiahk barabara. Nasi ikiongeza ya sita, siku ya 275 inakuwa 28. Kwa hiyo kale kasiku kanakoongezwa Septemba kanafidiwa Krismasi. Padri mmoja wa Shubra alinihesabia kwa vidole na kikombe cha chai mkononi, sikumwelewa mpaka nilipochukua karatasi.

Njeri wa Riruta: Sasa tumerudi kwenye mada asante. Mbona wasifanye kama sisi? Kanisa letu lilisahihisha tarehe 1928 na hatukufa.

Mzee Tumbaku: Hamkufa lakini mlichanganya. Krismasi mmehamisha, Pasaka mmeacha kwenye hesabu ya zamani. Chukulia Wakopti wafanye hivyo. Wana mfungo wa Mitume, unaanza Jumatatu baada ya Pentekoste na sikukuu yake kwao ni 12 Julai. 2024 Pasaka ilikuwa 5 Mei, Pentekoste 23 Juni, wakafunga kuanzia 24 Juni, wiki mbili na nusu hivi. Ukirudisha sikukuu nyuma siku 13 inakuwa 29 Juni, mfungo mzima unabaki siku tano.

Njeri wa Riruta: Kwetu mwaka huo mfungo wa Mitume haukuwepo kabisa, na sikuona mtu akilia 😅

Mzee Tumbaku: Ndo nakwambia.

Kibao_Kata: Mimi nilisema Krismasi peke yake, sio kila kitu.

Mama Mina: Krismasi peke yake ukiiweka 25 Desemba unaitupa kwenye tarehe 16 Kiahk, katikati ya mwezi. Kiahk ndo mwezi tunaokesha usiku kuimba sifa za Mama Maria, zinapanda zinapanda mpaka Krismasi. Ni kama kumaliza Ramadhani tarehe kumi na sita. Lakini nisiwe mnafiki, mimi ningependa ihamishwe. Tunafunga siku 43 kuanzia 25 Novemba, samaki unakula, nyama, mayai na maziwa hapana. Sasa 25 Desemba niko kwa mama yangu Kisii, mbuzi amechinjwa, ndugu wote wapo, mimi na wali na maharage. Mwaka jana mjomba akasema mbele ya watu "huyu aliolewa na dini ya njaa". Nililia chooni.

Kaka wa Feri: Mjomba ana kosa lakini si ungekula tu siku hiyo moja?

Mama Mina: Na wewe mwezi wa Ramadhani ukienda harusi mchana unakula tu siku hiyo moja?

Kaka wa Feri: Nimenyamaza.

Mwalimu_Chake: Hatimaye.

Msafiri Toronto: Huku ninakoishi vijana wa Kikopti wanataka 25 kwa sababu 7 Januari ni siku ya kazi, unaomba ruhusa bosi anakuangalia kama unamdanganya. Misri ni sikukuu ya taifa tangu 2003, huku nani anajua. Wazee wanasema 7 Januari tumepewa na mababu hatuigusi.

Mzee Tumbaku: Hapo wazee wao nawapinga. Mababu waliwapa 29 Kiahk, hawakuwapa 7 Januari. Mpaka mwaka 1900 Krismasi yao ilikuwa 6 Januari, 1901 ndo ikawa 7. Na mwaka 2100 sisi hatutaongeza siku Februari, wao wataongeza, kwa hiyo kuanzia 2101 itakuwa 8 na Nayruz 12 Septemba. Anayetetea 7 Januari anatetea kalenda ya Gregori bila kujua.

Msafiri Toronto: Basi ikiwa inasogea yenyewe kwa nini isisogezwe kwa makusudi?

Mzee Tumbaku: Haisogei yenyewe, sisi ndo tunasogea. Muulize mkulima wa Misri ya juu, akisema baridi ya mwezi Tuba, upepo wa mwezi Amshir, anahesabu kwa kalenda hiyo hiyo.

Msafiri Toronto: Hujanijibu. Hata huyo mkulima, kama hesabu yao inaongeza siku nyingi kuliko jua, Tuba itafika mpaka kwenye joto siku moja.

Mzee Tumbaku: Siku 3 kwa miaka 400. Mkulima atakuwa amekufa.

Msafiri Toronto: Kanisa halitakuwa limekufa.

Bi Kidude_Shamba: Yetu ya nairuzi haiongezi hata siku moja, kila miaka minne inateleza siku moja, na bado mvua tulikuwa tunaijua. Nyie endeleeni.

Kibao_Kata: Sawa nimeachana na kuwahamisha. Nayruz ikifika nikiwapelekea majirani kitu nipeleke nini?

Mama Mina: Mapera na tende mbichi nyekundu. Tende nyekundu nje ni damu ya mashahidi, nyeupe ndani ni moyo wao, kokwa ngumu ni imani. Tende mbichi Nairobi utahangaika, mapera yanatosha. 2026 ni tarehe 11 usiniulize tena, ya 2027 ndo uangalie, ni 12.

Kaka wa Feri: Na Kogi?

Mwalimu_Chake: Toka.