Wachapishaji, nani kawaambia mkukate kuzaliwa kwa Mwindo? Kitabu cha mtoto kimeanzia katikati!

Wakuu habari za jioni. Naombeni nitoe ya moyoni maana hapa nilipo nina hasira mpaka chai imepoa.

Juzi napita stesheneri namnunulia binti yangu wa miaka 8 kitabu cha hadithi, elfu sita hiyo, kina picha nzuri, jina kubwa juu MWINDO. Nikafurahi kwelikweli, maana hii ni hadithi ya Wanyanga kule Walikale, Kongo, naipenda tangu niko chuo. Usiku namsomea. Ukurasa wa kwanza: "Hapo kale alizaliwa mtoto shujaa aliyeitwa Mwindo." Nukta. Ukurasa wa pili baba yake anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Binti ananiuliza, "Baba, amekosa nini?" Sa mimi nijibu nini? Kitabu hakina jibu kwa sababu jibu lote lilikuwa kwenye kuzaliwa, na kuzaliwa wamekukata!

Ngoja niwaambie kilichokatwa. Shemwindo, mtemi wa Tubondo, alikuwa na wake saba, akapiga marufuku: ole wake atakayezaa mtoto wa kiume, huyo mtoto namuua, nataka mabinti tu. Wake sita wakajifungua siku moja, wote mabinti. Wa saba, aliyekuwa kipenzi, mimba ikagoma. Ikakaa na kukaa. Afu mambo ya ajabu yakaanza, mama anaamka anakuta kuni mlangoni hajazileta, maji yamejaa mtungini hajayateka, mboga zimeshachumwa, kumbe mtoto yuko tumboni ndo anafanya kazi za nyumba! Siku ya kutoka akakataa njia ya kawaida, akapanda juu tumboni, akateremkia mkononi, akatokea kidole cha kati cha mama yake. Anacheka, anaongea, anatembea, mkono wa kulia ameshika usinga, wa kushoto tezo. Ndo maana jina lake jingine ni Kabutwa-kenda, yani kamezaliwa hapohapo kakatembea.

Sasa jamani hii mnaikata kwa sababu gani? "Haifai watoto"? Kidole?? Mbona ngoma mtoni mmeiacha!

Tena angalieni ilivyojengwa. Baba ameweka sheria kwenye mlango wa uzazi, mtoto anaupita pembeni kwa kutumia mlango ambao sheria haikuutaja. Na ameshika usinga, kitu cha mtemi, kabla hajanyonya hata tone. Baba akiona hivyo anajua kiti kimepata mwenyewe. Ndo kosa lake hilo, binti yangu. Toa kidole, unabaki na baba mkatili asiye na sababu na mtoto mwenye nguvu asiyejulikana kazitoa wapi. Nawaza kuirudisha hiyo elfu sita.

Bwana_Porojo: Mkuu punguza jazba. Hizi zote zimekopiwa kwa Nabii Musa, mtoto, maji, mtawala anaua wavulana. Hakuna jipya.

mama_wawili41: Samahani nje ya mada, mimba yangu imepita wiki 41 na wifi anasema ni mtoto wa kiume anachelewa. Kuna ukweli?

Mleta uzi: @mama_wawili41 dada yangu nenda kliniki kesho asubuhi, usisubiri akuletee kuni 😂 Kweli lakini, nenda. @Bwana_Porojo kufanana kupo sikatai, ila Musa anawekwa kwenye kisafina ili APONE, na mama yake. Mwindo anatiwa kwenye ngoma ili AFE, na baba yake. Tena ngoma yenyewe ilikuwa jaribio la tatu. Kwanza baba alirusha mikuki ikakosa, afu akamzika mzima, usiku mtoto katoka kaburini karudi kwa mama yake kulala.

Mtoto_wa_Kivu: Mimi ni wa kule. Mleta uzi umesema vizuri ila umesahau nyenje. Wakunga walinyamaza, hakuna aliyetaka kumtaja mtoto kwa baba, ni nyenje wa ukutani aliyeenda kupeleka habari. Watoto wanapenda sana hapo. Na bibi yangu alisema kiganja, si kidole, kila msimulizi na lake. Hiyo ya kidole ni ya mzee Rureke, alisimulia mwaka 1956 kwa siku 12, ikachapwa 1969. Na jina Mwindo kwetu si la ajabu, mtoto wa kiume akizaliwa nyuma ya mabinti wengi anaitwa hivyo. Hadithi imechukua jina la kila siku ikalikuza.

Ngosha_original: Hapo nimeelewa sasa. Kwetu Usukumani Kulwa na Doto, na aliyetanguliza miguu Kashinje. Mimi ni Kashinje, utotoni nilikuwa naambiwa we siyo wa kawaida, nikivunja kikombe wanasema ndo zake huyo. Kumbe ningekuwa na usinga ningekuwa mtemi.

mpenda_historia: Mimi naona ni siasa tupu. Muulize mwenye hadithi: huyu shujaa alikuwa na wasiwasi gani kuhusu kiti? Jumong, mwanzilishi wa ufalme wa Goguryeo kule Korea, alikuwa mkimbizi kutoka ufalme wa watu, huko hakuwa na haki na chochote, basi mama yake alifuatwa na mwanga wa jua akataga yai. Mfalme akalitupa kwa mbwa na nguruwe hawakulila, akalitupa kondeni ndege wakalifunika kwa mbawa, akajaribu kulipasua likagoma. Mwaka 414 wajukuu wake wakachonga kwenye jiwe kwamba babu alitoka kwenye yai, hilo jiwe lipo mpaka leo. Na Aleksanda wa Makedonia, mama yake anaota radi, silaha ya Zeu mungu mkuu wa Wagiriki, imempiga tumboni. Kwa nini radi? Angalia harusi ya mwaka 337 KK, baba yake anaoa mke mwingine, mjomba wa bibi harusi amelewa anaomba dua wapate "mrithi halali", Aleksanda akamrushia kikombe. Mtu wa namna hiyo radi inamfaa sana. Ila wanasema mama mwenyewe alilalamika kwamba mwanawe anamgombanisha na mke wa Zeu.

Bwana_Porojo: Kwa hiyo ni kiki tu za wafalme, nilichosema.

Mleta uzi: Hukusema hivyo, ulisema kukopi. Na kwa Mwindo siasa peke yake haitoshi, maana baadaye huyuhuyu aliyetoka kidoleni anaua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yani Radi mwenyewe, na Radi anampandisha angani anakaa mwaka mzima anapigwa baridi mpaka adabu inamwingia. Kiki gani inamchapa mwenyewe?

Binti_Lamu: Na Fumo Liyongo wetu? Utenzi hausemi alizaliwa vipi, yuatokea mtu mzima na nguvu zake. Muujiza uko kwenye kufa, haingii mkuki wala mshale, ila sindano ya shaba, na ya kitovuni. Hapo kitovuni mimi huwaza sana.

Mleta uzi: @Binti_Lamu we umenimaliza. Kitovu! Pale alipofungwa siku ya kwanza ndipo pamebaki wazi. Sijui kama ndo maana yake lakini usiku huu silali.

Update: nimechukua kalamu nimeandika kidole, kuni na nyenje kwenye ukurasa wa kwanza, pembeni ya picha. Binti kasoma, anauliza mama alisikia maumivu kidoleni. @Mtoto_wa_Kivu, bibi alisemaje hapo?