Naomba ushauri: wastani wa 3.2 kwenye ripoti ya maoni ya wanachama unaficha tawi zima

Habari zenu wakuu. Nipo kwenye saccos moja, nimepewa kazi ya kuandika ripoti ya kuridhika kwa wanachama. Waliojibu ni 240, alama ni 1 hadi 5.

Swali la kasi ya mkopo limepata wastani wa 3.2. Meneja kasema "si mbaya, pita". Nikagawa majibu kwa tawi: makao makuu watu 160, wastani 4.0; tawi la mjini watu 80, wastani 1.6. Kumbe hiyo 3.2 haimwelezi mtu yeyote!

Nikasoma maoni ya lile tawi, kila moja nikaliweka kwenye fungu lake. Wengi hawalalamikii riba wala kukataliwa mkopo. Mmoja kaandika: "Mdhamini wangu ameitwa kusaini mara tatu." Inaonekana fomu zinarudishwa kutoka makao makuu kwa kasoro ndogo, na kila ikirudi foleni inaanza upya. Maegesho nayo yamepata 2.1, ila waliolalamikia maegesho bado wameipa saccos 4 na 5 kwa ujumla, kwa hiyo nimeyashusha chini.

Pendekezo langu la kwanza ni fomu ikaguliwe tawini kabla ya kutumwa, halafu tuhesabu zinazorudi kila wiki. Sasa, ukurasa wa kwanza niweke alama za matawi wazi, au nianze na chanzo ili meneja wa tawi asijione anashitakiwa? Bodi inakaa Alhamisi.