Naomba ushauri: hotuba ya kuwashawishi walimu wenzangu tuandae masomo pamoja

Assalaam aleikum walimu wenzangu. Nipo Wete, nafundisha hisabati skuli ya sekondari. Kwenye kikao kijacho nimepewa dakika chache niwashawishi wenzangu kila idara iandae masomo kwa pamoja.

Nimefikiria nianze na ubao, si maneno. Niandike 3 − 2(x − 4). Wanafunzi wengi wa Kidato cha Pili hujibu −2x − 5, kwa sababu alama ya kutoa hawaipeleki hadi kwenye 4. Jibu ni 11 − 2x. Kila mmoja wetu hulikuta kosa hili peke yake, darasani, kengele ikikaribia. Tukikaa pamoja, mmoja anakuja na rasimu ya andalio, wengine wanataja makosa wanayoyajua, tunakubaliana swali moja la kumalizia kipindi, kisha tunalinganisha majibu. Namna ya kufundisha inabaki ya mwalimu mwenyewe.

Shida ni wakongwe. Nachelea watasikia "hamjui kufundisha". Na vijana (tusifichane) watanakili tu andalio la mwenzao ili wawahi kupeleka kwa mwalimu mkuu kusainiwa.

Je, hofu hizi nizitaje mwenyewe mapema, au nisubiri waulize? Na mfano wa hisabati utawagusa walimu wa Kiswahili?