Naomba ushauri: ujumbe wa kuomba kuunganishwa LinkedIn na mtu wa ajira nisiyemjua

Binti_Kihonda:
Wakuu, habari za muda huu. Kuna kiwanda cha vyakula hapa Morogoro kimetangaza nafasi ya Ofisa Ununuzi. Maombi nimeshatuma kupitia tovuti yao. Sasa kwenye tangazo lao la LinkedIn, pale palipoandikwa Meet the hiring team, anaonekana dada wa idara ya rasilimali watu ambaye ndiye aliyeliweka Jumatatu. Simfahamu na hatuna hata rafiki mmoja wa pamoja. Nataka nimwombe tuunganishwe nikiwa na maneno mawili matatu. Akaunti yangu ni ya bure, inanipa herufi 200 tu. Niliandika hivi, ikagoma kwa kuwa imezidi:

> Habari za kazi dada. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni mhitimu wa ununuzi na ugavi, mchapakazi, mwaminifu na ninayejituma. Naomba uniunganishe na nafasi yoyote hapo kwenu. Nipo tayari kufanya kazi mkoa wowote. Nitashukuru sana, Mungu akubariki.

Nimefanya ununuzi miaka 4 kwenye kiwanda cha unga, zaidi upande wa vifungashio. Mkataba uliisha mwezi uliopita. Nipunguze wapi?

Sele_Temeke:
Dada, barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja. Anwani yako juu kulia, ya kwao kushoto, halafu YAH: kwa herufi kubwa na upige mstari. Usisahau sahihi, watu wengi wanakosa kazi kwa sababu ya sahihi.

Binti_Kihonda:
Asante kaka Sele, barua ilishakwenda. Hapa ni ule ujumbe mfupi wa LinkedIn.

Kapteni_Bando:
Usiandike kitu. Bonyeza Connect, basi. Nina zaidi ya watu elfu kwenye akaunti yangu na karibu wote niliwaomba kimyakimya. Akaunti ya bure yenyewe inakupa ujumbe wa kuhesabu kwa mwezi, ukimaliza unaambiwa ulipie Premium. Utunze.

MezaYaUsaili:
Kapteni yuko sahihi kwa watu wa kawaida: mliosoma pamoja, mnaofanya kazi moja. Kwa mtu wa ajira, wiki aliyotangaza nafasi, hapana. Mimi nafanya kazi hiyo hiyo ya kuajiri, kwenye kiwanda huku Dar. Tangazo likitoka, maombi ya kuunganishwa yanamiminika na mengi hayana neno. Sijui nani ameomba nafasi, nani anauza bima, nani anataka tu kuongeza idadi. Yale yenye maneno ndiyo nayasoma kwanza, hata yakiwa na makosa ya kuandika.

Ila ujumbe wako wa kwanza, mdogo wangu, nisingejua niufanyie nini. "Nafasi yoyote" ndiyo iliyouharibu. Kwa wakati mmoja naweza kuwa natafuta fundi mitambo, mhasibu na dereva wa lori. Ukisema yoyote, kazi ya kufikiria unafaa wapi umenitupia mimi, na sina muda huo. Wewe una nafasi maalumu na maombi umeshatuma! Hilo ndilo la kusema, tena mwanzoni, kwa jina lile lile la cheo lililo kwenye tangazo pamoja na mahali. Hapo naweza kwenda kwenye mfumo wetu nikalitafuta jina lako.

Halafu usiombe kazi ndani ya ombi la kuunganishwa. Omba kukubaliwa tu. Akikubali, mlango wa ujumbe wa kawaida unafunguka na huko hubanwi na herufi 200. Wasifu pia utauweka huko, maana kwenye lile ombi huwezi kuambatanisha faili.

Swali: chini ya jina lako kwenye LinkedIn pameandikwa nini?

Binti_Kihonda:
Pameandikwa "Mhitimu wa Ununuzi na Ugavi | Natafuta kazi".

MezaYaUsaili:
Hapo ndipo pa kuanzia, kabla hata ya ujumbe. Ombi likinifikia naona picha, jina, mstari huo ulio chini ya jina, kisha maneno yako. Vyote vinakuja pamoja. Kwa hiyo huo mstari ni nafasi ya ziada ambayo haikuli hata herufi moja kati ya zile 200. Wewe una miaka 4 ya kazi lakini umejitambulisha kama mtu aliyevua joho jana. Andika "Ofisa Ununuzi | Vifungashio na malighafi za kiwandani". Kama umesajiliwa na PSPTB ongeza, kwa kazi ya ununuzi hapa Tanzania hilo tunalitafuta. Mstari ukishabeba hayo, ujumbe hauna haja ya kueleza wewe ni nani. Unabaki na kazi ya kusema kwa nini umeniandikia mimi na kwa nini leo.

"Mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma" toa yote. Sijawahi kukutana na aliyeandika kwamba yeye ni mvivu.

Chumvi_Tanga:
Naongezea la simu, maana lilinikuta. Nilikuwa kwenye matokeo ya utafutaji, nikagusa Connect nikitegemea nitapewa sehemu ya kuandika. Ombi likaondoka lenyewe, tupu. Nikalirudisha ili nilitume upya na maneno, kumbe ukishaliondoa hauruhusiwi kumwomba mtu yule yule mpaka ipite kama wiki tatu. Tangazo likafungwa nikiwa kwenye adhabu. Kwa hiyo fungua kwanza ukurasa wa mtu mwenyewe, gusa More, utafute Personalize invite. Kwenye kompyuta ni rahisi zaidi, ukibonyeza Connect ukiwa kwenye ukurasa wake linatokea dirisha lenye Add a note. Kama kitufe kikubwa ni Follow, Connect huwa imejificha humo humo kwenye More.

Kapteni_Bando:
Hilo la wiki tatu ni kweli, nami limewahi kunibana. Lakini bado nauliza, kwa nini asilipie Premium mwezi mmoja apate herufi 300 na InMail? Hapo anaandika moja kwa moja bila kuombana urafiki.

MezaYaUsaili:
Mwenye hela yake alipie. Ila herufi 100 za ziada watu wengi huzijaza "Mungu akubariki" na "samahani kwa usumbufu". Na InMail ya mtu nisiyemjua naichukulia kama barua ya mfanyabiashara mpaka nithibitishe vinginevyo.

Binti_Kihonda:
Nimebadilisha mstari wa chini ya jina. PSPTB nimesajiliwa, nimeweka. Ujumbe sasa uko hivi:

> Habari dada. Nimeomba nafasi ya Ofisa Ununuzi, nina uzoefu mkubwa wa ununuzi na ningependa kujifunza kutoka kwako. Naomba tuunganishwe.

MezaYaUsaili:
Umesogea. "Uzoefu mkubwa" hausemi kitu, na "kujifunza kutoka kwako" si kweli, wewe ni mtu wa ununuzi na yeye ni wa ajira. Atajua umeokota mahali. Weka kitu kimoja anachoweza kukilinganisha na tangazo lake. Tangazo linataka nini hasa?

Binti_Kihonda:
Linataka mtu aliyewahi kununua vifungashio na malighafi kiwandani, angalau miaka 3.

MezaYaUsaili:
Basi umeshapewa jibu. Jaribu hivi:

> Habari za leo. Nimeomba nafasi ya Ofisa Ununuzi, Morogoro, uliyoitangaza Jumatatu. Nimekuwa nikinunua vifungashio vya kiwanda cha unga kwa miaka 4. Naomba tuunganishwe hapa. Asante.

Nimehesabu, haifiki herufi 190, nafasi na nukta zikiwemo. Ukitaka kumtaja kwa jina, pale kwenye "za leo" weka jina lake la kwanza. Lisome mara mbili kabla ya kutuma. Nimewahi kupokea ujumbe wenye jina la mtu wa kampuni nyingine kabisa, mtumaji alinakili akasahau kubadilisha.

Mzee_wa_Kilwa:
Mbona "dada" imetolewa? Sisi huku ndio heshima yetu. Mtu humwiti jina kavukavu kama mnadaiana.

MezaYaUsaili:
Mzee wangu, shikamoo. Mimi binafsi sikasiriki kuitwa dada. Lakini nina mwenzangu ofisini hapendi, anasema kazini yeye si dada wa mtu. Kwa usiyemjua, "Habari za leo" haimkwazi yeyote.

Mzee_wa_Kilwa:
Marahaba. Mimi ningeiacha dada. Bi pia ni neno zuri.

Chumvi_Tanga:
Na lugha je? Wengine wanasema LinkedIn ni Kiingereza tu.

MezaYaUsaili:
Angalia yeye anaandikaje. Kama machapisho yake na tangazo ni Kiingereza, mwandikie Kiingereza kifupi, maana huenda kazi yenyewe inataka barua pepe za Kiingereza kwa wauzaji wa nje. Kama anaandika Kiswahili, Kiswahili.

Binti_Kihonda:
Machapisho yake ni Kiswahili, tangazo ndilo la Kiingereza. Nitabaki na Kiswahili. Akikubali nimwandikie nini? Na nimtumie wasifu hapo hapo?

MezaYaUsaili:
Hapo maoni yanatofautiana, hata ofisini kwetu. Mimi napendelea ujumbe mmoja ndani ya siku moja au mbili, usiozidi sentensi tano. Asante kwa kukubali, nimeomba nafasi fulani kupitia tovuti tarehe fulani, halafu jambo moja la kazi lenye mwili. Kwa mfano: ulikuwa unanunua mifuko ya kilo 5 hadi 25 kutoka kwa wauzaji wangapi, na mzigo ukichelewa ulikuwa unafanya nini ili mashine ya kufungashia isisimame. Hapo ndipo mtu wa ununuzi anapoonekana. Mwisho uliza swali analoweza kulijibu kwa mstari mmoja, kama vile usaili unatarajiwa lini. Wasifu uweke kama ameuomba. Wenzangu wawili wanasema uweke tangu mwanzo, kwa hiyo hapo chagua mwenyewe.

Sele_Temeke:
Na akikwambia utume elfu hamsini ya kushughulikia faili lako, kimbia.

MezaYaUsaili:
Kaka Sele leo umetoa la maana. Kweli kabisa. Na kabla ya kumwandikia yeyote, hakikisha ukurasa wake una historia ya kazi na umeunganishwa na kampuni inayotangaza. Tena angalia kama ni mwajiriwa wa kiwanda au ni wakala wa ajira. Wakala anaweza kuwa anashika kampuni tano, huyo lazima umtajie na jina la kampuni.

Binti_Kihonda:
Huyu ni wa kiwanda chenyewe, nimeangalia. Nimetuma sasa hivi kwa kompyuta, kupitia Add a note. Na asipokubali mpaka tangazo lifungwe?

MezaYaUsaili:
Acha lilale hapo hapo. Usiliondoe, usimtafute Facebook, usipige simu ya mapokezi. Wapo watu wa ajira wanaoingia LinkedIn kuweka tangazo na kutoka, hawafungui hata maombi ya kuunganishwa. Maombi yako ya kazi yako kwenye mfumo na yanasomwa huko bila kujali kama amekukubali au la. Wakati unasubiri, mtafute meneja wa ununuzi wa hicho kiwanda. Ujumbe wake utakuwa mwingine, kwa sababu yeye anajua bei ya mfuko.

Kapteni_Bando:
Huyo wa pili mwombe bila maneno, ni mtu wa fani yako 😀

MezaYaUsaili:
Kapteni, kwa huyo naweza kukubaliana na wewe nusu.