Kulhuwallahu mara tatu badala ya hitima? (ukumbi tumekatiwa muda)

Mama Zuhura, Milton Keynes

Assalaam alaykum jamaa zangu.

Naandika bado nina uchungu, mtanivumilia. Mama yetu alitangulia mbele ya haki kule Tanga wiki tatu zilizopita, na sisi huku hakuna aliyewahi kwenda kuzika. Tukakubaliana tumsomee hitima Jumamosi. Nikajaza fomu ya ukumbi, saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku, nikalipa na amana. Ijumaa mchana wale wa ofisi wananipigia: kwenye kisanduku cha aina ya shughuli nimeandika "ibada", na ibada inataka karatasi ya bima ambayo sina. Wakanipa saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu, chukua au acha.

Tuliofika tulikuwa tisa. Juzuu thelathini, watu tisa, na wawili kati yao wanasoma kwa kukokota kama mimi. Tulipomaliza juzuu ya kumi na nne mlinzi akaanza kuzima taa za korido. Shemeji yangu akasema basi, kila mmoja asome Kulhuwallahu mara tatu, hiyo ni hitima kamili, kwani Mtume (s.a.w.) kasema ni thuluthi ya Kurani. Tukasoma, tukaomba dua, tukakunja mikeka.

Tangu usiku ule sina raha. Mama yangu kasomewa hitima au hakusomewa? Na inakuwaje sura ya aya nne ikawa thuluthi ya msahafu mzima? La pili, aliyewahi kudai amana ya ukumbi anieleze, kwenye fomu ya marejesho naweka alama wapi?

Kijana wa Coventry

Pole sana Mama Zuhura. Lakini usijisumbue, shemeji yako kasema kweli. Thuluthi mara tatu ni nzima, hata mtoto wa chuoni anajua. Na si hiyo tu, Zilzala ni nusu na Kafirun ni robo. Mngesoma Zilzala mara mbili mngefika hapo hapo. Dini ni nyepesi, watu ndio wanaifanya nzito.

Bi Mkubwa, Leicester

Poleni wafiwa. Mwanangu, kama tabu ni ofisi, jueni kwamba siku hizi bila MCCD, cheti cha daktari cha sababu ya kifo, kupita kwa yule daktari mkaguzi hupati fomu ya kijani, na bila fomu ya kijani hamziki. Utaratibu huo ulianza Septemba 2024. Mume wangu alifariki alfajiri ya Ijumaa, tukamzika Jumanne. Siku nne. Yeye aliyekuwa akisema maiti hangoji hata mgeni wa mbali. Nilikaa na ile simu mkononi mpaka ikapata moto. Kwa hiyo ulizeni mapema kabla ya wikiendi.

Mama Zuhura

Ahsante Bi Mkubwa, Mungu amrehemu mzee. Ila mama yetu alizikwa Tanga siku ile ile. Mimi naulizia hitima na ukumbi.

Maalim, Birmingham

Mama Zuhura, Mungu ampe mama kauli thabiti.

Kijana wangu wa Coventry, nakuomba usifanye hesabu ya dukani hapa. Hadithi ya Kulhuwallahu ni sahihi, iko kwa Bukhari na kwa Muslim. Zilzala nusu imepokewa na Tirmidhi, na mwenyewe kaeleza kuwa ni ngeni njia yake. Usiziweke kwenye mizani moja.

Sasa tuiangalie ilivyosimuliwa. Abu Said al-Khudri anaeleza kuwa mtu alimsikia mwenzake usiku anasoma Kulhuwallahu, anairudia na kuirudia, hasomi nyingine. Kulipokucha akaenda kumwambia Mtume, na msimulizi anaongeza: kama kwamba aliiona ni kidogo. Hapo ndipo Mtume akaapa kwa Yule ambaye nafsi yake i mkononi mwake kuwa inalingana na thuluthi ya Kurani. Aliyejibiwa ni yule aliyedharau usomaji wa mwenzake. Msomaji hakuambiwa aache zilizobaki.

Na kwa nini thuluthi, si robo wala nusu? Muslim ana riwaya isemayo kuwa Mwenyezi Mungu aliigawa Kurani mafungu matatu, akaifanya sura hii fungu mojawapo. Maulamaa wakajiuliza ni mafungu gani hayo. Ibn Surayj, mkubwa wa Mashafii wa Baghdadi, alisema theluthi ni hukumu, theluthi ni ahadi na maonyo, na theluthi ni majina na sifa za Mwenyezi Mungu. Ghazali akaja baadaye na mgawo wa jirani yake: kumjua Mungu, kuijua akhera, na kuijua njia iliyonyooka. Migawo haifanani sana, lakini katika yote miwili fungu la kumjua Mungu lipo, na Kulhuwallahu ni fungu hilo limekusanywa pahala pamoja.

Jipime mwenyewe. Fungua Nisaa, utakuta mirathi, nani apate sudusi na nani thumuni. Fungua Yusuf, ni kisa cha kijana na ndugu zake. Fungua Waqia, ni watu wa kulia na watu wa kushoto. Halafu soma Kulhuwallahu, maneno kumi na tano tu. Humo hamna halali wala haramu, hamna nabii, hamna pepo wala moto, hamna kisa. Ni Yeye tu: ni Mmoja, ndiye Mkusudiwa, wote wanamwendea kwa haja zao naye hana haja na yeyote, hakuzaa, hakuzaliwa, wala hana wa kufanana naye. Hata neno "ikhlasi" lenyewe halimo ndani ya sura. Imeitwa hivyo kwa sababu imesafishwa, imebaki habari ya Mungu peke yake.

Kijana wa Coventry

Maalim, heshima yako, lakini mambo mawili. Umesema hamna hukumu, na neno la kwanza kabisa ni "Qul", sema. Hiyo si amri? Na mnasema aya nne, mimi nimeona msahafu una tano.

Maalim, Birmingham

La aya umesema kweli. Kwa hesabu ya watu wa Makka na wa Shamu ni tano, wanasimama kwenye "lam yalid" wakaifanya aya. Misahafu yetu inafuata hesabu ya watu wa mji wa Kufa, ndiyo maana nne. Maneno hayakuongezeka hata moja.

La "Qul" si swali dogo. Nijibuvyo mimi, ile ni amri ya kutamka, na kinachotamkwa chote ni sifa. Lakini siwezi kukuambia kuwa ule mgawo wa Ibn Surayj unakatika kama mkate kwa kisu. Aya moja ya Kurani huweza kuwa na hukumu, onyo na jina la Mungu kwa pamoja. Ibn Abdil-Barr alifikia kuona kunyamaza katika jambo hili ndiyo salama zaidi, mtu aikubali hadithi asichimbe namna yake.

Lakini hitima ya mara tatu nitaisema, kwa sababu ndiyo inayomnyima usingizi Mama Zuhura. Kulingana kwa thawabu ni kitu kimoja, kutosha mahali pa kitu kingine ni kitu cha pili. Sala moja katika msikiti wa Makka ni bora kuliko sala laki moja kwingineko. Je, mtu anadaiwa sala za mwezi mzima, akaenda Makka akasali adhuhuri moja, deni limekwisha? Ukiisoma Kulhuwallahu mara tatu ukaacha Alhamdu, sala yako imesihi? Ibn Taymiyya ametoa mfano wa mali: mwenye dhahabu nyingi kweli ni tajiri, ila bado anahitaji chakula, nguo na nyumba, na dhahabu haitafunwi. Na Is-haka bin Rahawayhi aliulizwa jambo hili hili, akasema si kwamba aisomaye mara tatu amekuwa kama aliyesoma Kurani yote, hata akiisoma mara mia mbili.

Shemeji mtu

Mimi ndiye shemeji anayesemwa. Sikuitunga. Iko pia riwaya ambayo Mtume aliwauliza masahaba: anashindwa mmoja wenu kusoma thuluthi ya Kurani kwa usiku mmoja? Ikawawia nzito, wakasema nani kati yetu ataiweza, naye akawaonyesha sura hii. Si ndiyo hali yetu ile? Usiku ulikuwa mfupi, watu tisa, taa zinazimwa. Niliwapa watu kile ambacho Mtume aliwapa waliolemewa.

Maalim, Birmingham

Shemeji, riwaya ni sahihi na hapo una hoja. Sikulaumu kwa kuisomesha, mlifanya jambo jema. Ninalokataa ni kuiita hitima kamili. Sema tulisoma juzuu kumi na nne na Kulhuwallahu, na kila kimoja kina thawabu yake.

Abu wa Maskati

Nawasoma kimya kimya tangu jana, na kilichonipata ni kile kisanduku. Kwetu Lamu kulikuwa na sanduku la mbao, ndani yake juzuu thelathini kila moja na jalada lake la kitambaa. Likifunguliwa baada ya alasiri, sisi watoto tunagombania juzuu ya Amma kwa sababu tunaijua kwa moyo, na mzee anatupiga kofi la mkono anatupa ya saba au ya kumi na moja. Nusu saa, sauti zote pamoja kama nyuki, imekwisha. Tunafunga kwa Kulhuwallahu tatu, Falaki, Nasi, halafu Alhamdu na mwanzo wa Baqara, kisha kahawa. Watu thelathini walipatikana mtaa mmoja. Leo mtaa ule umejaa nyumba za wageni, na sisi tunahesabu tisa Milton Keynes.

Mwana wa Minneapolis

Samahanini, lakini hakuna anayeuliza kama hitima yenyewe ina dalili. Mtume alizika masahaba na watoto wake, hakugawa juzuu.

Maalim, Birmingham

Ndugu yangu, suala la thawabu kumfikia maiti wamelizozana wakubwa kuliko mimi na wewe, na katika Mashafii wenyewe wako waliosema haimfikii, na wako waliosema inamfikia ukiomba dua baada ya kusoma. Lifungulie uzi wako. Hapa kuna mtu kafiwa.

Mama Zuhura

Ahsanteni nyote. Maalim, nimeelewa, na shemeji tumezungumza, hatuna neno baina yetu.

Zimebaki juzuu kumi na sita. Nimezigawa kwa simu: dada yangu aliye Tanga kachukua tatu, watoto wa kaka Toronto nne, Abu wa Maskati kanitumia ujumbe anataka mbili na kaomba moja isiwe Amma. Mimi nimejipa ya ishirini na moja na nyingine moja, nasoma kila baada ya alfajiri kabla ya zamu. Tano bado hazina mtu. Mwenye nafasi aandike hapa namba ya juzuu.

Na ile fomu ya marejesho bado iko mezani. Wanaandika siku kumi na nne, leo ni ya tisa. Yupo anayejua naweka alama kwenye "kufutwa" au "kubadilishwa"?

Kijana wa Coventry

Nipe ya kumi na nane na ya ishirini na tisa.

Bi Mkubwa, Leicester

Mimi ya thelathini, mwanangu, macho yangu hayawezi nyingine. Na kwa bima ulizeni msikitini kwenu.