Naomba ushauri: skripti ya video ya kufungua boksi la pawabenki

Habari zenu wakuu. Nauza pawabenki na spika ndogo mtandaoni, nipo Kariakoo, mizigo mingi inaenda mikoani. Nataka kurekodi video ya dakika moja na nusu, nafungua boksi lilelile atakalopokea mteja: pawabenki yenyewe, waya mfupi wa kama sentimita 30, karatasi ya maelezo. Kichwa cha chaji hakimo, na hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloleta ugomvi.

Nilipokwama ni kwenye ujazo. Boksi limeandikwa 20,000 mAh, na ni kweli, ila hiyo ni ya betri za ndani zenye volti 3.7. Umeme ukipandishwa kuwa volti 5 hesabu inashuka hadi 14,800, na mwingine unapotelea kwenye joto. Niliipima kwa kile kimita cha kuchomeka, nikapata 12,400. Simu ya 5,000 inajaa mara mbili na kitu, wakati mteja anategemea nne. Mmoja wa Mbeya alirudisha akiamini ni feki.

Nimejaribu kueleza volti kwenye video, ndugu zangu walioitazama wakachoka. Nikaonyesha kimita pekee, wakaniuliza kwa nini nauza kitu pungufu.

Maswali yangu mawili: nitamke tu "inajaza simu hii mara mbili" na kuiacha hesabu kwenye maelezo ya chini? Na kipimo kinachochukua saa nyingi nikikionyesha kwa kuharakisha picha, mteja ataamini sijakatakata?